Jua Saa Nne

Mzee Feliksi Bukuru alifanywa mwizi wa chaji mbele ya wanawake tisa na miche elfu nne ya michikichi. Namba ya kumtoa kwenye aibu hiyo nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimeisoma dakika kumi kabla, kwenye kioo kidogo cha kontrola, kifaa kinachopitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri, na nikaikalia siku kumi na moja. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa Mwandiga wanaijua nusu ya kwanza tu, na nusu ya kwanza ni uongo ambao mimi niliusindikiza kwa utani.

Nianze na yeye, maana mimi sina cha ajabu. Mimi ni Abdulatif wa Ujiji, diploma ya umeme miaka miwili kati ya mitatu, mdomo miaka yote. Kwenye kitalu cha miche ya michikichi, pale Mwandiga, walikuwa wananiita Injinia Nusu, na jina hilo nilijipa mwenyewe kabla hawajanipa baya zaidi.

Feliksi ana miaka hamsini na nane. Muha wa huku huku, mrefu, mwenye mikono yenye madoadoa meupe ya asidi. Miaka kumi na moja alikuwa anachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Wavuvi walikuwa wanamletea betri asubuhi, wakarudi jioni kuzichukua, na hakuna aliyewahi kurudi ufukweni akilalamika kwamba taa ilimzimikia ziwani. Alikuwa anaandika kila betri kwenye daftari la shule: imekuja na volti ngapi, imeondoka na volti ngapi, mwenyewe nani. Baadaye kila mvuvi akanunua paneli yake na betri yake ndogo, na Feliksi akabaki na daftari. Ndipo akaja kitaluni kuwa mlinzi, na roboti lilipokuja akawa mtunzaji wake.

Roboti lenyewe usilifikirie la sinema. Ni kigari cha magurudumu manne, kimo cha mbuzi, kina tangi la mbolea ya maji na kamera. Kinapita katikati ya mistari ya viriba, vile vifuko vya miche, kinapiga picha majani na kunyunyiza panapohitajika. Akina mama wa kitaluni wakaliita Kobe siku ya kwanza, na kwa mwendo wake hawakumwonea. Lililetwa na mradi wa ushirika wa wakulima wa michikichi, msimamizi wake dada Winfrida, bwana shamba wa kike asiyecheka hadi akague kwanza kama kuna sababu.

Winfrida alinipa kazi moja: umeme wa Kobe. Akaniambia chuo kimekubali, nikiifanya vizuri na yeye akaandika barua, itahesabika kama mafunzo kwa vitendo na nitarudishwa mwaka wa tatu. Basi nikaanza kutembea kama mtu aliyekwisha kuhitimu.

Bajeti ya umeme ni kama bajeti ya chakula cha nyumba: unaorodhesha midomo. Mota za magurudumu, wati sitini, saa nne kwa siku: wati-saa mia mbili na arobaini. Pampu, wati arobaini, saa moja na nusu: sitini. Kompyuta na kamera, wati kumi kwa saa sita: sitini nyingine. Kuna pia kifaa cha mawasiliano ambacho hakilali, wati moja na nusu usiku na mchana: thelathini na sita. Jumla mia tatu tisini na sita. Nikasema mia nne, nikajisifu kwa ukarimu.

Kwenye betri tukabishana. Feliksi alitaka ya asidi.

"Hii naijua, mwanangu," akasema. "Nikiishika tu najua imeshiba au ina njaa."

"Mzee, hii ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua. Kwa mia nne tunahitaji yenye mia nane. Hiyo ni kilo ishirini na kitu. Kobe atabeba betri au atabeba kazi?"

"Na hiyo yako?"

"Lithiamu ya chuma na fosfeti. Volti kumi na mbili nukta nane, ampea-saa hamsini. Mia sita na arobaini, na unaweza kutumia asilimia themanini bila kuiumiza. Mia tano na kumi na mbili. Kilo sita."

Akaipima kwa mkono mmoja, akaitikisa sikioni kama nazi. "Haina maji."

"Haina maji, haina mvuke, haina haja ya wewe kuunguza vidole."

Akacheka. Hapo nilikuwa sahihi, na ninalisema kwa sababu baada ya hapo sikuwa sahihi tena kwa muda mrefu. Tukachukua mbili: moja iko kazini na Kobe, moja iko kwenye kibanda cha kitalu inachaji, na kila asubuhi Feliksi anazibadilisha.

Ikabaki jua. Ukitaka kujua paneli ya ukubwa gani, lazima ujue mahali hapo panapata saa ngapi za jua kamili kwa siku, yaani ukilikusanya jua lote, la asubuhi dhaifu na la mchana kali, likawa kali mfululizo, litatosha saa ngapi. Ningeweza kupima kwa kifaa. Kifaa kilikuwa kwa Winfrida, kuna fomu ya kujaza, na mimi na fomu hatupatani. Nikampa Feliksi daftari.

"Mzee, kwa wiki mbili niandikie kila siku, jua saa ngapi."

"Jua saa ngapi. Basi?"

"Basi."

Akaandika, kwa mwandiko ule wake wa kukandamiza kalamu. Jumatatu, jua saa 4. Jumanne, jua saa 4 na robo. Jumatano, jua saa 4 kasoro robo. Alhamisi, jua saa 4. Siku kumi na nne, hakuruka hata moja. Nikapiga wastani, nikapata nne nukta sifuri mbili, nikaandika kwenye ripoti yangu hivyo hivyo, pamoja na hizo nukta. Vitabu vya chuo vinasema huku kwetu ni nne na zaidi kidogo. Vimeoana! Nani atauliza maswali siku ya harusi?

Nikaendelea kwa furaha. Mia nne, gawanya kwa saa nne, ongeza kinachopotea kwenye joto, vumbi na nyaya, yaani kila mia inayotegemewa inafika sabini na tano. Wati mia na thelathini na kitu. Paneli mbili za wati sabini, mia na arobaini, zitavuna mia nne na ishirini kwa siku. Kontrola: mia na arobaini kwa volti kumi na mbili ni kama ampea kumi na mbili, ongeza robo ya usalama, kumi na nne na nusu. Nikachukua ya ampea kumi na tano, yenye mpangilio wa lithiamu. Kila kitu kimekaa kama suruali ya fundi mzuri. Winfrida akasaini, paneli zikapanda juu ya paa la kibanda.

Kobe akaanza Jumatatu, betri zote mbili zimeshiba. Jumatatu akamaliza. Jumanne akamaliza. Jumatano akasimama akiwa amebakiza mstari mmoja. Alhamisi vile vile. Ijumaa akasimama theluthi mbili ya kazi, katikati ya kitalu, akina mama wakamsukuma hadi kibandani wakimwimbia kama bibi harusi mzito.

Nikaenda kusoma kontrola. Kila kontrola nzuri huweka kumbukumbu ya mavuno ya siku. Nilitegemea mia nne na ishirini. Kioo kikaniambia mia mbili na sitini na tatu. Jana yake, mia mbili na hamsini na nane.

Hapa naomba uelewe kitu kimoja, maana hukumu yangu yote imo humo. Kuna umeme unaoingia kutoka kwenye paneli, na kuna umeme unaotoka. Mtu akichomeka simu, anatoa. Hawezi kuzuia jua lisiingie. Namba iliyokuwa ndogo ilikuwa ya kuingia, na betri haikuwa imejaa hata iseme imeshiba haitaki tena. Kwa hiyo tatizo lilikuwa upande wa jua na paneli, upande wangu. Nililijua pale pale, nikiwa bado nimechuchumaa.

Nyuma yangu Winfrida akaingia kibandani, na akina mama nyuma yake. Juu ya ubao wa Feliksi kulikuwa na simu nne zimechomekwa: vitochi vitatu na simu kubwa moja ya Safina, mmoja wa akina mama.

Winfrida akazitazama, akanitazama. Mimi, Mungu anisamehe, nikaona watu tisa wamekusanyika na mdomo ukatangulia.

"Sasa tumejua kwa nini Kobe anakonda," nikasema. "Kumbe ana wake wenza wanne!"

Wakaangua kicheko. Hata Feliksi alicheka. Winfrida hakucheka.

"Mzee Feliksi, unachaji simu kwa umeme wa mradi?"

"Ndiyo, mama. Za hawa. Wanatoka mbali, kwao hakuna pa kuchajia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kicheko kikaisha kimoja kimoja.

"Latifu," Winfrida akaniita. "Simu zinaweza kusababisha hivi?"

Simu nne zile, kwa siku, ni wati-saa thelathini hivi. Pengo letu lilikuwa mia na hamsini na kitu. Hata bila simu hata moja Kobe angesimama. Sentensi moja ilitosha. Nikafikiria barua ya chuo.

"Kila kitu kinakula chaji, dada," nikasema.

Ni kweli kabisa. Hakuna neno la uongo humo ndani. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile nikitafuta uongo uko neno lipi, na haupo kwenye neno lolote, uko kwangu.

Winfrida akamwomba ufunguo wa kibanda. Akamwambia apumzike nyumbani hadi waangalie. Feliksi akautoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akachomoa simu moja moja, akampa kila mama yake mkononi, akiomba radhi kwa kila mmoja kwamba haijajaa. Safina peke yake ndiye aliyesema kitu: "Jamani, si huyu mzee." Mimi nilikuwa nimeinama, nafunga skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Jumatatu nikawa mimi wa kubadilisha betri. Nikafika mapema, kumekucha zamani, ndege wanapiga kelele, mbingu nyeupe. Nikawasha kioo cha kontrola: sifuri na kitu. Saa mbili, sifuri na kitu. Nikatoka kuangalia nyaya. Nyaya nzima. Nikatazama juu ya paa.

Kitalu chetu kiko bondeni. Mashariki kuna kilima, na juu ya kilima kuna msitu wa mikaratusi. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya paneli zangu kama blanketi. Nilikuwa nafanya kazi pale mwezi mzima na sikuwahi kukiona, kwa sababu mimi mtu wa Ujiji nilikuwa nafika saa tano nimekunywa chai. Nikakaa kwenye ndoo nikasubiri. Saa tatu, kivuli. Saa tatu na nusu, kivuli kimefika ukingo wa paa. Saa nne, jua likaruka juu ya mikaratusi, likapiga paneli, na namba ikapanda.

Jua saa 4.

Nikaenda kuchukua daftari. Jua saa 4 na robo. Jua saa 4 kasoro robo. Mzee wa watu alikuwa amenijibu swali nililomuuliza. Nilimuuliza jua saa ngapi, akaniandikia linafika saa ngapi, kila siku, kwa uaminifu wa mtu aliyeandika volti za wavuvi miaka kumi na moja. Mimi nikachukua saa za ukutani nikazipigia wastani kama mihogo. Na kwa kuwa ni msimu wa mvua, kuanzia saa nane mawingu yanapanda, kwa hiyo jua kamili tunalopata halizidi saa mbili na nusu. Piga hesabu: paneli zile zile zinakupa mia mbili na sitini na mbili na nusu. Kioo kilikuwa kinanieleza ukweli hadi tarakimu ya mwisho.

Ungedhani hapo nilikimbia kwa Winfrida. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho yake nikajiambia barua iandikwe kwanza, halafu nitasema. Nikapunguza kazi za Kobe kimya kimya ili amalize siku, nikapanguza paneli, na Winfrida akaniambia, "Naona tangu mzee aondoke mambo yametulia." Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa kile kilikuwa kizito kuliko betri ya asidi.

Huku nyuma neno lilikuwa limeshatembea. Kigangoni kwao Feliksi ndiye aliyekuwa anatunza betri ya vipaza sauti, tangu padre wa zamani. Jumapili ile akakuta kazi amepewa Pastory, kijana wa kwaya. Hakuna aliyemwambia sababu. Walimwambia tu apumzike, mzee.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, akaja kitaluni. Nilikuwa peke yangu kibandani, akina mama wako mwisho wa mistari. Akasimama nje ya mlango, hakuingia.

"Mwakeye," akanisalimu Kiha, kama kawaida yake asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuja kukusumbua. Nimekuja kukuuliza kitu kama fundi." Akavua kofia. "Betri za asidi nazijua zinavyokufa. Hizi sizijui. Nimewaza nyumbani, hata mke wangu Regina ananiambia sili. Ukizinyonya kidogo kidogo kwa simu, zinakufa moja kwa moja? Maana kama nimeua betri mbili za watu, mwanangu, nataka nijue. Nisiambiwe na mtu mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa matusi nina majibu mengi. Mtu yule alikuwa amekaa siku kumi na moja akiamini ameua kitu, na hofu yake kubwa ilikuwa betri.

"Hazijafa," nikasema. "Hukuua kitu, mzee. Simu zile zinakula wati-saa thelathini tu. Tatizo ni kivuli cha kilima. Ni hesabu yangu."

Nikamfungulia daftari lake, nikamwonyesha. Nikamweleza saa zake na saa zangu. Alisikiliza akifuata kwa kidole mwandiko wake mwenyewe.

"Ningepaswa kukuuliza," akasema polepole. "Uliposema jua saa ngapi, niliona swali la ajabu. Nikasema hawa wasomi wana sababu zao." Akafunga daftari. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana.

"Kivuli, Jumatatu ya wiki iliyopita. Lakini kwamba si simu, nilijua siku ile ile. Kabla dada hajaniuliza."

"Kabla ya ule utani?"

"Kabla."

Akavaa kofia. Hakupandisha sauti, hata uso haukubadilika sana. Akasema, "Mimi nilivuliwa heshima mbele ya watu. Nawe kasemee mbele ya watu." Akageuka, akaondoka kupitia njia ya viriba, akihama kando ili asiangushe mche.

Mchana ule nikamwomba Winfrida awakusanye. Nilitaka kuanza na kichekesho, na kilikuwa kizuri, kilikuwa tayari ulimini. Nikakimeza. Nikawaambia saa za ukutani, kivuli, mia mbili na sitini na tatu, wati-saa thelathini za simu. Nikawaambia nilijua. Safina akaniuliza, "Na ulikuwa unatusalimia kila siku?" Nikasema ndiyo. Akanyanyua jembe lake akarudi kazini, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyecheka wala kunitukana. Ni heri wangenitukana.

Winfrida alibaki. "Kifaa cha kupimia jua kilikuwa kwenye kabati langu," akasema. "Fomu ni ukurasa mmoja." Halafu akaongeza, "Na mimi nilisaini bila kupanda juu ya paa." Siku hiyo hiyo akampigia Feliksi, spika imefunguliwa, akamwomba radhi na kumtaka arudi. Kisha tukamsikia:

"Nitarudi, mama. Lakini simu za akina mama ziandikwe. Kwenye hesabu. Zisiwe za kujificha."

Ziliandikwa. Bajeti mpya ina mstari wa tano, simu za akina mama, wati-saa thelathini. Jumla mia nne na thelathini. Kwa jua la saa mbili na nusu zinahitajika wati mia mbili na thelathini, tukaongeza paneli ya tatu ya wati mia moja, volti zake zikilingana na zile mbili. Jumla mia mbili na arobaini. Kontrola ya kumi na tano isingehimili: sasa ni ampea ishirini, na robo ya usalama ishirini na tano, tukafunga ya thelathini. Winfrida alipima jua kwa kifaa, mimi nikajaza fomu. Jumapili Winfrida akaenda kigangoni kwa kina Feliksi, ingawa yeye si wa dhehebu hilo, akazungumza na wazee. Pastory akamrudishia mzee betri ya vipaza sauti, na nasikia kijana mwenyewe aliona afadhali.

Barua ya chuo imekwenda. Winfrida alinisomea kabla ya kuifunga. Ameandika hesabu nzuri ya betri, kosa la jua, na siku kumi na moja. Sijajibiwa.

Kobe anamaliza mistari yote na Feliksi yuko kibandani. Tunasalimiana, naye anaitikia vizuri, ni mtu wa adabu. Ila siku za mwanzo, kila jioni alikuwa ananiita: mwanangu, njoo unisomee, leo betri ina volti ngapi? Nami namsomea, naye anaandika. Sasa amenunua miwani ya kusomea. Anachuchumaa mwenyewe mbele ya kontrola, anasoma kioo, anasoma tena, anaandika. Mimi nakuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na hanigeukii.